Vitundu vyeupe vinavyobaki kwenye vishikio vya kikapu

"Fundi, habari za Arusha? Nauza vikapu vya ukindu na vikombe vya udongo hapa Moshi. Nakata mandharinyuma ya picha kwa programu ya GIMP, na kwenye laptop naona imetoka safi kabisa. Nikiiweka kwenye tangazo la kijani, ndani ya vishikio kunabaki madoa meupe, na dada aliyebeba kikapu ana doa jeupe kwapani. Nina picha kama sitini. Nayaondoaje bila kuharibu kikapu, na nitajuaje kwamba hakuna lililobaki?"

Habari ni njema. Nimezifungua picha zako nne, za kikapu, za dada na ya kikombe. Nitakaa zaidi kwenye kile kikapu kikubwa chenye vishikio viwili, kwa sababu ukikiweza hicho, kwapa la dada ni kazi ya dakika mbili.

Unapobofya pembe ya picha kwa kifaa cha Fuzzy Select, GIMP huanza na pikseli ile uliyoibofya, ikachukua jirani zake zinazofanana nayo, kisha majirani wa hao, hivyo hivyo mpaka ikutane na rangi nyingine. Fikiria maji ya mfongo yakifunguliwa shambani. Yataenda kila yanapopata njia, lakini jaruba lililozungushiwa tuta pande zote litabaki kavu hata kama liko katikati ya shamba. Kishikio cha kikapu ni tuta. Mkono ulioshikwa kiunoni ni tuta. Ukuta unaoonekana ndani yake ni ule ule ulioko nje, ila hauna njia ya kufikiwa kutoka pembeni.

Na laptop haikukudanganya. Ulikagua picha juu ya ukurasa mweupe, na doa jeupe juu ya weupe halionekani.

Najua dawa ya haraka uliyoisikia: tumia Select by Color, ambayo haijali ujirani, inachukua kila pikseli yenye rangi ile popote ilipo. Kwa kikapu chako usiiguse. Una mstari wa ukindu mweupe unaozunguka tumbo la kikapu, na gauni la dada lina vidoti vyeupe. Nilijaribu kwenye nakala: tundu la kishikio liliondoka, na kikapu kikatoboka mstari mzima kama kimeliwa na panya. Kifaa hicho nakitumia tu pale ninapojua hakuna rangi ya ukuta popote kwenye bidhaa, na kwa ukuta mweupe hali hiyo ni adimu.

Kwa hiyo tunarudi kwenye Fuzzy Select, tundu moja baada ya jingine. Kabla ya kubofya chochote, hesabu. Itazame picha halisi, isiyokatwa, na ujiulize ni wapi hasa unaona ukuta kupitia kikapu. Watu wengi hujibu "vishikio viwili, matundu mawili," na hapo ndipo la tatu linapopotea. Ulisimama kidogo upande wa kushoto ulipopiga, kwa hiyo kishikio cha mbele na cha nyuma havikulingana. Vinapishana juu mara moja, kama pete mbili. Vikipishana hivyo vinatengeneza matundu matatu: moja kubwa la katikati, ambapo unaona ukuta kupitia vishikio vyote viwili, na mengine mawili membamba kama mwezi mwandamo, moja kila upande. Haya membamba ndiyo yanayobaki.

Jihadhari pia na kinyume chake. Chini ya kishikio cha mbele, kabla ya kufika ukutani, unaona ukingo wa nyuma wa kikapu na sehemu ya ndani yake. Hiyo si mandharinyuma, ni kikapu. Ukifuta mpaka kwenye ukingo wa mbele, kikapu kitaonekana kama kimekatwa kwa msumeno na hakina tumbo. Tundu linaishia kwenye ukingo wa nyuma.

Sasa fungua picha halisi upya. Ile uliyokwisha kuifuta iache. Bofya kulia kwenye tabaka, chagua Add Layer Mask, kisha White (full opacity). Maski ni karatasi ya nyeusi na nyeupe iliyofungwa kwenye tabaka: palipo nyeupe picha inaonekana, palipo nyeusi inafichwa. Faida yake ni kwamba hufuti kitu. Ukikosea unapaka nyeupe na kikapu kinarudi. Halafu ongeza tabaka jipya chini ya picha na ulijaze rangi ambayo haipo kabisa kwenye bidhaa zako. Mimi hutumia `ff00ff`, waridi kali linaloumiza macho, na ndiyo maana nalitumia. Doa lolote la ukuta likibaki juu ya rangi hiyo utaliona hata ukiwa umesimama mlangoni.

Kuna kosa moja hapa ambalo hata mimi bado hunipata nikiwa na haraka. Fuzzy Select inasoma kile kilichochaguliwa kwenye orodha ya matabaka. Kama umeigusa picha ndogo ya maski, inasoma maski, si kikapu. Utalijua kosa hilo kwa dalili hii: unabofya ndani ya kishikio, na vile vistari vinavyotembeatembea vinazunguka kikapu chote au picha nzima. Basi mwendo ni huu kila mara. Gusa picha ndogo ya kikapu, chagua tundu, kisha gusa picha ndogo ya maski na ujaze nyeusi kwa Edit, halafu Fill with FG Color, ukihakikisha rangi ya mbele ni nyeusi.

Anza na nje kama ulivyozoea. Halafu ingia kwenye matundu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Ukuta ulioko ndani ya kishikio hauna rangi ya ukuta ulioko nje, ingawa ni ukuta mmoja. Kishikio kinauzuia mwanga kidogo, na ukindu unarudisha rangi yake kwenye kila kilicho karibu. Ipime mwenyewe: fungua dirisha la Pointer kwenye menyu ya Windows, Dockable Dialogs, weka usomaji wa RGB (0..255), yaani namba za nyekundu, kijani na bluu, kisha pitisha kipanya taratibu. Kwenye picha yako nimesoma hivi. Ukuta wa nje ni 244, 243, 240, karibu mweupe kabisa. Tundu la katikati ni 236, 231, 220, yaani jeupe lililoingia umanjano. Mwezi mwandamo wa kulia ni 228, 220, 203. Ule wa kushoto, ulio upande wa kivuli, ni 205, 190, 160. Na ukindu mkavu usiotiwa rangi, kwenye kishikio chenyewe pale pale jirani, ni 214, 196, 158.

Soma tena hizo mbili za mwisho. Kutoka ukuta wa kivulini mpaka ukindu, tofauti ni 9, 6 na 2. Kipimo cha Threshold kwenye Fuzzy Select huanza kwenye 15, na GIMP inaangalia ile tofauti kubwa zaidi kati ya hizo tatu. Kwa 15, tundu la katikati litachukuliwa bila shida ukilibofya lenyewe. Mwezi wa kulia vilevile, maana ukindu ulioko jirani uko mbali nao kwa 45 kwenye rangi ya bluu. Lakini ule wa kushoto, 9 ni ndogo kuliko 15, kwa hiyo GIMP haioni mpaka wowote. Maji yanavuka tuta na kishikio kinaenda nayo.

Kwa hiyo usitafute kipimo kimoja cha kutosha kote. Kila tundu lina kipimo chake. Bofya katikati ya tundu, shikilia kitufe cha kipanya na uvute taratibu kuelekea kulia. Threshold inapanda na eneo linatanuka mbele ya macho yako. Likijaa hadi ukingo wa kishikio, achia. Likiruka ghafla na kukimbia kwenye ukindu, rudisha kushoto. Mruko huo wa ghafla ndiyo ishara ya kwamba umevuka. Na kwenye mipangilio ya kifaa, hakikisha Diagonal neighbors haijawekewa alama. Ikiwekwa, pikseli zinazogusana kwa pembe tu zinahesabiwa majirani, na uzi mwembamba wa ukindu uliolala mshazari hauzuii tena kitu.

Kwa mwezi wa kushoto, achana na rangi kabisa. Rangi haina jibu pale, na ukilazimisha utatumia nusu saa kurekebisha kishikio. Tumia Paths, kitufe B. Kuza picha hadi 200%, weka nukta ya kwanza kwenye ncha ya juu ya mwezi, nyingine kwenye ncha ya chini, na mbili au tatu kati yake kila upande, ukivuta vipini ili mstari uinamie kishikio. Rudi kwenye nukta ya kwanza ukiwa umeshikilia Ctrl ili uzifunge, bonyeza Enter, na eneo limechaguliwa. Kwenye picha yako nilitumia nukta saba. Jicho lako linajua kishikio kinaishia wapi, kwa sababu linaujua msuko. Programu inaona namba tu.

Kabla hujajaza nyeusi, nenda Select, kisha Grow, weka pikseli 1. Ukingo wa kitu chochote kwenye picha haukatiki kwa wembe: kati ya ukindu na ukuta kuna pikseli moja au mbili zilizochanganyika, nusu ukindu nusu ukuta. Hizo usipozichukua, utafuta tundu vizuri halafu ubaki na uzi mweupe ukilizunguka kwa ndani, na juu ya kijani utaonekana kama kishikio kimepakwa chaki. Kwenye tundu kubwa la katikati unaweza kupanua kwa 2. Kwenye miezi myembamba baki na 1, kwa sababu kuna nyuzi zilizochomoza kwenye kishikio zenye upana wa pikseli tatu au nne tu, na ukizila pikseli mbili kila upande zinatoweka. Nyuzi hizo ndizo zinazomwambia mnunuzi kwamba kikapu kimesukwa kwa mkono.

Uzi mweupe ukibaki mahali fulani, chukua brashi ndogo nyeusi, ukubwa wa pikseli 5 hivi na ugumu wa 75, upake kwenye maski ukifuata ukingo. Usirudie kuchagua upya.

Kuhusu dada aliyebeba kikapu: doa si moja, ni manne. La kwapani uliliona kwa sababu ni kubwa, pembetatu kati ya mkono na ubavu. La pili liko kati ya kishikio na kiwiko, mahali kikapu kinaponing'inia. La tatu liko ndani ya hereni yake ya duara, upande wa kushoto. Upande wa kulia ndani ya hereni unaona shingo, kwa hiyo hapo hakuna tundu. La nne ni nafasi kati ya kidole gumba na kishikio, ndogo kama punje ya mtama. Kwapani ukuta umeingia rangi ya gauni, bluu kidogo, kwa hiyo bofya pale pale na usitegemee kipimo cha nje. Zaidi ya hilo ni kazi nyepesi, maana ngozi na ukuta vinatofautiana sana.

Sasa swali la matundu madogo zaidi, yale ya kwenye msuko. Ukikuza sana utaona vinukta vingi ambapo mwanga unapenya kati ya ukindu na ukindu. Usivitoboe. Picha yako ina upana wa pikseli 4000 na tangazo lako ni 1000, kwa hiyo kila pikseli nne za upana zinakuwa moja. Kitundu cha pikseli tatu hakitaonekana kama tundu, kitaonekana kama uchafu wa kijani kwenye kikapu. Vinavyong'aa sana nachukua Clone, nanakili ukindu wa kahawia wa jirani na kuvifunika. Mpaka wangu ni pikseli 12 kwenye picha ya ukubwa huo: tundu jembamba kuliko hapo nalifunika, pana kuliko hapo nalifungua. Punje ya mtama ya kidole gumba ilikuwa 14, ikafunguliwa.

Ukimaliza, kagua mara mbili kwa njia mbili, kwa sababu kila moja inaona makosa ambayo nyingine haioni. Kwanza juu ya waridi kali, kwa 100%, ukipita kila kishikio kwa kidole kwenye kioo kama mtu anayehesabu shanga. Pili, shikilia Alt na ubofye picha ndogo ya maski. Sasa unaona umbo tupu, kikapu cheupe juu ya weusi, bila rangi wala msuko kukupotosha. Tundu lililosahaulika litaonekana papo hapo, maana kishikio kitakuwa kimezibwa, kama sikio la kikombe lililojazwa udongo. Humo humo utaona pia vinukta vyeusi ndani ya tumbo la kikapu. Hivyo ni sehemu ulizotoboa bila kukusudia, na juu ya waridi huwa vinajificha kwenye mstari mwingine wa kikapu chako, ule mwekundu. Vipake nyeupe. Lakini usivimalize kwa Remove Holes iliyo kwenye menyu ya Select: amri hiyo inaziba kila tundu lililozungukwa, na vishikio vyako vitazibwa pamoja navyo.

Umesema una picha kama sitini. Kuzikagua zote kwa jicho inachosha, na jicho lililochoka ndilo linaloacha hereni. Ukiwa na programu ya ImageMagick kwenye laptop, kuna njia ya kuiuliza kompyuta ni visiwa vingapi vya rangi ya ukuta vimebaki kwenye picha iliyokwisha kukatwa. Amri ya kwanza inaweka weusi nyuma na kubakiza tu kilicho karibu na nyeupe. Ya pili inahesabu visiwa na kupuuza vilivyo chini ya pikseli 150.

```
magick kikapu.png -background black -alpha remove -fuzz 12% -fill black +opaque white -fill white -opaque white visiwa.png
magick visiwa.png -define connected-components:verbose=true -define connected-components:area-threshold=150 -connected-components 4 null:
```

Itakuandikia mistari ya namna hii:

```
7: 64x212+1180+402 1209.4,511.8 6120 gray(255)
```

Maana yake ni kwamba kuna kisiwa cheupe chenye upana wa 64 na urefu wa 212, kinachoanzia pikseli 1180 kutoka kushoto na 402 kutoka juu, na eneo lake ni pikseli 6120. Mistari inayoishia na `gray(0)` ni weusi, iruke. Unaenda moja kwa moja mahali hapo na kutazama. Hukumu inabaki yako, kwa sababu amri hii haitofautishi ukuta na mstari mweupe wa kikapu; mstari wako utatajwa kila picha, na utauzoea. Na matundu ya kivulini haitayaona: ule mwezi wa kushoto, wenye 205, 190, 160, uko mbali mno na nyeupe kwa 12%. Ukipandisha hadi 30% utauona, pamoja na nusu ya kikapu. Kwa hiyo itumie kukamata yale meupe uliyoyasahau, na yale ya kivulini uyawinde kwa maski.

Lifiche kwanza tabaka la waridi, kisha hifadhi kwa PNG kupitia File, Export As. Ukihifadhi kwa JPEG, kila kilicho wazi kinajazwa rangi na kazi yote imekwenda na maji. Na unaponitumia picha kwa simu, zitume kama faili. Zikitumwa kama picha za kawaida programu za ujumbe huzibana, na mbano huo unaacha vumbi la rangi kwenye ukingo wa kila kishikio, hasa kwenye miezi myembamba ambako hatuna pikseli za kupoteza.

Siku utakapopiga tena, kisogeze kikapu mbali na ukuta, mita moja na nusu hivi, ili kivuli chake kisiangukie ukutani, na usimame mbele kabisa ili vishikio vilingane. Au vitenganishe makusudi: funga uzi wa kuvulia samaki kwenye kishikio cha nyuma na ukivute juu kidogo, mianya iwe mipana. Shuka la bluu badala ya ukuta mweupe lingekuokolea nusu ya kazi hii, kwa sababu hakuna ukindu wa bluu kwenye bidhaa zako. Lakini lisiwe karibu, maana bluu nayo itarudi kwenye ukindu kama umanjano ulivyorudi ukutani.

Nimebakiza kikombe cha udongo. Sikio lake lina tundu moja, umelifuta sawasawa. Ila umefuta pia doa jeupe lililoko juu kidogo ya sikio, kwenye tumbo la kikombe, na sasa kinaonekana kimetobolewa. Lile lilikuwa mng'ao wa dirisha kwenye rangi ya udongo. Lirudishe.